Shija, Mataruma na Hamisi: Kisa cha mti wa ukoo wenye ndugu wawili wa ziada

Mwaka 2018 mwalimu mmoja mstaafu wa mjini Tabora aliniletea karatasi kubwa ya manila ambayo juu yake alikuwa amechora ukoo wa baba yake, Wanyamwezi wa upande wa Nzega. Alikuwa ameifanyia kazi kwa miaka minne, akikusanya stakabadhi, vyeti na maandishi ya makaburini, na alikuwa na shida moja tu: watu wa matawi mawili ya ukoo walikuwa wanabishana kuhusu nani ni mtoto wa nani, na kila upande ulikuwa na karatasi ya kuthibitisha maneno yake. Nimepata ruhusa ya kueleza kisa hiki kwa sharti la kubadili majina ya wahusika. Nimeyabadili kwa majina ya aina ileile, yaani jina la mpangilio wa kuzaliwa nimeweka lingine la mpangilio wa kuzaliwa na jina la kazi nimeweka lingine la kazi, kwa kuwa katika jambo hili aina ya jina ndiyo ushahidi wenyewe.

Juu kabisa ya mchoro alikuwa Mabula, babu mkuu. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika watoto wanne wa kiume: Kulwa, Shija, Mataruma na Hamisi. Shija alikuwa na mtoto mmoja, Mihayo. Mataruma hakuwa na mtoto hata mmoja. Hamisi alikuwa na Ramadhani, ambaye ndiye baba wa mwalimu, pamoja na binti aliyekuwa bado hai, shangazi yake mwalimu, akiwa na umri wa miaka 84 na akiishi Urambo. Pembeni, kwa kalamu ya risasi, palikuwa na mwanamke aliyeandikwa "Bibi Maria, ndugu wa mbali", asiyeunganishwa na mtu yeyote.

Kila jina katika mchoro huo lilikuwa na chanzo, na hakuna lililobuniwa. Shija alitoka katika daftari la ubatizo la parokia moja ya zamani, ambako mwaka 1927 Mihayo alibatizwa akiwa kijana na akaandikwa kuwa mwana wa Shija. Mataruma alitoka katika stakabadhi za kodi za miaka ya 1934, 1935 na 1937 zilizohifadhiwa ndani ya kopo la bati, zimeandikwa Mataluma Mabula. Hamisi alitoka katika cheti cha ndoa cha Ramadhani cha mwaka 1948 na katika stakabadhi nyingine za kodi kuanzia 1941, zinazosomeka Hamisi Mabula. Mwalimu alifanya jambo ambalo mtu yeyote makini angelifanya: alipoona majina matatu tofauti yenye baba mmoja, aliandika watu watatu.

Kilichonifanya nisite ni jina Hamisi kuwa katika safu ile. Mtu aliyezaliwa kijijini Nzega katika miaka ya 1880, kwa baba aitwaye Mabula, jina la masika na mvua, na akiwa na ndugu waitwao Kulwa na Shija, hakuwa na njia rahisi ya kupewa jina Hamisi siku aliyozaliwa. Uislamu ulikuwa umefika Tabora pamoja na misafara ya pwani miongo mingi kabla ya hapo, lakini ulikaa hasa mjini na kwenye vituo vya misafara, na vijijini uliingia kwa watu wazima mmoja mmoja. Jina la Kiislamu au la Kikristo linaposimama peke yake katika kizazi chenye majina ya Kinyamwezi matupu huwa ni dalili kwamba mtu huyo alikuwa na jina jingine kabla. Hali kadhalika Mataruma. Mataruma ni yale magogo au vyuma vinavyolazwa chini ya reli, na reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hakuna aliyezaliwa na jina hilo katika miaka ya 1880. Hilo ni jina la mtu mzima, la kazi, na lina tarehe ya chini ambayo haliwezi kuipita kwenda nyuma.

Kwa hiyo katika wana wanne wa Mabula, wawili tu walikuwa na majina yanayoweza kuwa ya kuzaliwa, na wawili walikuwa na majina ya ukubwani ambayo lazima yawe na majina mengine nyuma yake. Swali likawa: majina ya utoto ya Mataruma na Hamisi yako wapi?

Katika nchi hii mtu kubadili jina hatua kwa hatua si jambo geni. Mfano unaojulikana na kila mtu wa Tabora ni mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Jina lake la awali lilikuwa Mtyela Kasanda, na Mirambo, lenye maana ya maiti, ni jina la vita. Angekuwa mtu wa kawaida, asiyeandikwa na wageni waliompitia, pengine leo wajukuu wangekuwa wanamweka Kasanda katika tawi moja na Mirambo katika jingine. Kwa Wayao na Wamakua wa kusini jina la utoto huachwa jandoni, na kumwita mtu mzima kwa jina hilo ni kumvunjia heshima. Kwa Wanyamwezi jando halikuwa mila ya zamani ya wote. Lilienea kwa njia ya misafara, ya mji na ya Uislamu, na ndiyo maana mtu angeweza kuingia jandoni akiwa mtu mzima mwenye mke, akatoka na jina jipya la dini huku nyuma yake ana mtoto aliyekwisha kuzaliwa chini ya jina la zamani. Palikuwa pia na kuingizwa katika uswezi, chama cha siri cha mizimu, ambako mwali alipewa jina la huko ndani. Na kabla ya yote hayo, mtoto mchanga aliyelia bila kunyamaza au kuugua mara kwa mara aliweza kubadilishwa jina baada ya mganga kusema kwamba mzimu fulani unataka jina lake.

Hatua ya kwanza tuliyoichukua haikuwa kwenda kutafuta karatasi zaidi. Tulichukua daftari la kawaida tukaligawa safu tano: jina, nani alilitamka au kuliandika, mtu huyo alikuwa nani kwa mwenye jina, mwaka wa tukio, na mahali. Kila jina likapewa mstari wake, hata kama tulidhani ni la mtu yuleyule. Safu ya tatu ndiyo iliyokuwa na kazi kubwa kuliko zote. Mtu mmoja huitwa tofauti kutegemea anayemwita. Wazazi, kaka na dada waliomtangulia humwita kwa jina la utoto mpaka anakufa, kwa sababu ndilo walilomjua nalo na wao hawana sababu ya kuliogopa. Mke humwita baba fulani. Watoto wake husikia jina la ukubwani. Karani wa kodi huandika lile alilolikuta kwenye orodha ya mwaka jana. Kwa hiyo swali "babu yako aliitwa nani?" ni swali pungufu, na ukilipeleka kwa watu watatu utapata majina matatu ya kweli. Swali zuri ni "dada yake alipofika nyumbani kwenu, alimwitaje?"

Swali hilo ndilo tulilompelekea shangazi, Urambo. Mwalimu alikuwa hajawahi kumuuliza. Alikuwa na haya ya kumtajisha mama mzee majina ya marehemu, na alidhani karatasi zinatosha. Tulimkuta amekaa barazani akichambua maharage, na mwalimu akamweleza kwa adabu nia yetu. Tulipofika kwenye swali la dada, alicheka kidogo kisha akasema, "Baba yangu ni Hamisi. Lakini shangazi yangu mimi, yule pacha, akifika getini haiti Hamisi. Anaita Shija! Shija! Na baba anaitika." Akaongeza kwamba wao watoto walipojaribu kuiga walichapwa.

Hapo mwalimu akataka kufuta Shija na Hamisi na kuandika mtu mmoja. Nilimzuia, kwa sababu palikuwa na maelezo mengine mawili yanayoweza kuzaa ushahidi uleule, na kosa la kuunganisha watu wawili ni baya kuliko la kumgawa mmoja. Aliyegawanywa huacha pengo linaloonekana, kama lile la Mataruma asiye na mke wala mtoto wala kaburi. Waliounganishwa hujifunga vizuri, na hakuna anayerudi kuwatazama tena.

Maelezo ya kwanza ni kurithi mjane. Tuseme Shija alikuwa mtu halisi, akamzaa Mihayo, akafa, na mdogo wake Hamisi akamrithi mke wake na kumzaa Ramadhani na shangazi. Katika hali hiyo tungekuwa na ndugu wa mama mmoja wenye majina mawili ya baba, na baba hao wawili wangekuwa wote wana wa Mabula. Ndivyo hasa karatasi zilivyoonyesha. Shangazi alisema yeye, Ramadhani na Mihayo walinyonya ziwa moja, na kauli hiyo haipingani na urithi wa mjane hata kidogo.

Maelezo ya pili ni aina ya ndoa. Wanyamwezi walitofautisha ndoa ya kukwa, ambamo ng'ombe wa mahari walitolewa, na ile ya butende, ambamo hawakutolewa na watoto wakahesabiwa upande wa mama mpaka baba alipowakomboa. Mihayo alilelewa kwa wajomba zake karibu na misheni. Kama alizaliwa katika butende, jina aliloandikiwa kama la baba lingeweza kuwa la mjomba au la babu mzaa mama, na Shija wa daftari la ubatizo asingekuwa wa ukoo huu kabisa. Shija ni jina la kawaida mno. Kila palipozaliwa mapacha na akafuata mtoto, pana Shija.

Maneno ya undugu, ya kikabila na ya Kiswahili, hayakutusaidia hapa, na nadhani ndiyo yaliyoufunika mkanganyiko kwa miaka yote hiyo. Watoto wa Ramadhani walimwita Mihayo baba mkubwa. Wangemwita hivyohivyo kama angekuwa kaka wa baba yao kwa baba na mama, au kwa mama tu, au mtoto wa kaka mkubwa wa babu yao. Ramadhani naye alimwita kaka. Hakuna salamu, hakuna msiba, hakuna harusi ambayo ingelazimisha mtu kusema wazi kwamba baba zao walikuwa mmoja au wawili.

Kilichotupa njia ni mahari ya yule pacha. Shangazi alikumbuka jinsi shangazi yake alivyokuwa akijisifu kwamba ng'ombe wake ndio ndugu zake wote waliooa nao, "Kulwa na huyu baba yenu", na kwamba hakubaki ndugu aliyeoa kwa mali nyingine. Ng'ombe wa dada kuwaozea kaka zake ni hesabu inayotunzwa kwa makini, kwa kuwa kila kaka aliyenufaika anabaki na deni la heshima kwa dada huyo. Hesabu hiyo ilikuwa na kaka wawili. Haikuwa na watatu, sembuse wanne. Na kwa kuwa baba yake shangazi alioa kwa ng'ombe hao, ndoa ilikuwa ya kukwa, na mke huyo ndiye mama wa Mihayo, mtoto wa kwanza. Maelezo ya butende yakaanguka.

Kwa urithi wa mjane tulitumia kipimo ambacho sasa nakitumia kila mara: tafuta tukio moja ambamo majina yote mawili yalikuwapo kwa wakati mmoja kama watu wawili. Msiba, harusi, kesi ya barazani, mgawanyo wa mashamba, safari. Kama Shija alikufa akamwachia Hamisi mke, lazima pawe na msiba wa Shija ambamo Hamisi alikuwa hai, na mtu wa kuukumbuka au mahali pa kuuonyesha. Shangazi hakuwahi kusikia msiba huo, na wazee wawili wa tawi la Kulwa, tuliowauliza mbali na shangazi na bila kuwaeleza tunachokitafuta, walionyesha makaburi ya wana wawili tu wa Mabula. Zaidi ya hapo, pacha yule alikuwa akimwita Shija mtu aliye hai katika miaka ya 1940, miaka mingi baada ya Shija wa maelezo yale kuwa marehemu. Mtu anaweza kusema kwamba mrithi alirithi na jina. Lakini basi Hamisi angekuwa na jina lake la utoto, na dada yake mkubwa ndiye ambaye angelitumia kwanza. Jina hilo halikutajwa na mtu yeyote katika mistari thelathini na mbili ya daftari letu.

Mataruma alikuwa rahisi zaidi. Tulipozipanga stakabadhi za kodi kwa miaka, ilionekana kwamba Mataluma anaishia 1937 na Hamisi anaanzia 1941, chini ya jumbe wa kijiji kilekile, na hakuna mwaka wenye stakabadhi mbili. Tofauti ya l na r isikupotoshe: Kinyamwezi hakizitenganishi sauti hizo, na karani aliandika alivyosikia. Mjukuu mmoja wa Kulwa alikumbuka kwamba babu yake mdogo "alikwenda kulaza mataruma" upande wa kwenda Kigoma na akarudi na jina hilo. Ujenzi wa kipande hicho ulikuwa kati ya 1912 na 1914.

Hata hivyo stakabadhi zilitaka kutudanganya katika jambo moja. Ukizisoma peke yake utasema mtu huyu aliingia jandoni na kuwa Hamisi kati ya 1937 na 1941. Sivyo. Shangazi, aliyezaliwa karibu na 1934, alipewa jina la Kiislamu siku ya saba na baba aliyekwisha kuwa Hamisi. Orodha ya kodi ilinakiliwa mwaka hadi mwaka, na jina la zamani liliendelea kuishi ndani yake mpaka orodha ilipoandikwa upya. Karatasi huonyesha jina lilivyotumika ofisini, na ofisi huchelewa. Tulijaribu kubana tarehe ya jando kwa kumtazama Ramadhani, aliyezaliwa karibu na 1920 na mwenye jina la Kiislamu, lakini shangazi akatuzuia: nyumbani Ramadhani alikuwa akiitwa Masanja, na Ramadhani alilipata yeye mwenyewe jandoni. Kwa hiyo jando la baba lilikuwa baada ya reli na kabla ya 1934. Mwalimu alitaka niandike 1924, katikati. Nilikataa, kwa sababu mwaka wa katikati ukishaandikwa husomwa na wajukuu kama mwaka wa kweli.

Mwaka wa kuzaliwa tuliupata kwa upana unaovumilika. Kwa tawi la Kulwa inasimuliwa kwamba Shija alikuwa anachunga mbuzi wakati habari za kujilipua kwa mtemi Isike wa Unyanyembe zilipofika kijijini, na hilo lilitokea Januari 1893. Mchunga mbuzi ni mtoto wa miaka sita hadi kumi hivi. Kwa hiyo alizaliwa kati ya 1883 na 1887, na alikwenda kwenye reli akiwa na umri wa karibu miaka thelathini, jambo linaloelekea ukweli.

Sasa nirudi kwenye jina Shija lenyewe, kwa kuwa hapa ndipo ukoo huu ulipopata mtu ambaye haukujua kuwa umempoteza. Majina Mataruma na Hamisi yanatueleza mtu alifanya nini na aliamini nini, lakini hayasemi chochote kuhusu ndugu zake. Shija linasema. Shija ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, na mapacha ni Kulwa na Doto. Ukiandika Shija katika mti, umekwisha kuandika nafasi mbili juu yake, hata kama hujui waliozijaza. Mchoro wa mwalimu ulikuwa na Kulwa na haukuwa na Doto. Palikuwa na njia mbili: Doto alikufa mchanga, au Doto aliishi akabadili jina.

Shangazi alikuwa amekwisha kulijibu bila kujua: "yule pacha". Tulirudi katika daftari la ubatizo. Misheni za Wamisionari wa Afrika, wale waliozoeleka kuitwa Mapadri Weupe, ambao Ndala walifika mwaka 1896, ziliandika kwa Kilatini na zilikuwa na desturi ya kuweka jina la nyumbani kando ya jina la ubatizo, pamoja na majina ya wazazi. Padri wa parokia alituruhusu kusoma mbele yake. Mwalimu alikuwa amelipitia daftari hilo mara mbili akitafuta wanaume wa ukoo. Safari hii tulitafuta neno Doto kwenye safu ya jina la nyumbani, na tukampata: Maria, Doto, binti wa Mabula na Nyamizi, mtu mzima, mjane. Huyo ndiye Bibi Maria wa kalamu ya risasi, ndugu wa mbali. Na katika mstari huohuo tukapata jina la mke wa Mabula, ambalo hakuna mzee yeyote aliyekuwa amelitaja, kwa sababu wakwe hawakulitamka na wajukuu hawakulijua.

Kabla ya ubatizo Doto alikuwa mswezi, na alikuwa na jina la huko. Shangazi analijua. Alisema si la kuandikwa, na mwalimu akakubali, nami naona alifanya sawasawa. Katika mti tuliandika kwamba alikuwa na jina la uswezi ambalo ukoo umechagua kutoliandika. Hilo ni taarifa kamili. Atakayekuja baadaye na kusikia jina geni la mwanamke katika masimulizi ya ukoo atajua kwamba kuna nafasi moja wazi ya kulilinganisha kabla hajaongeza mtu mpya.

Palikuwa na kosa moja la upande wa pili, la kuunganisha watu wawili, nalo nitalieleza kwa kifupi. Mwalimu alikuwa na picha ya Mabula na kaburi la saruji la Mabula lenye mwaka 1961. Baba wa mapacha waliozaliwa kabla ya 1887 hawezi kuwa chini ya miaka tisini na kitu mwaka huo, na mtu wa kwenye picha, iliyopigwa miaka michache kabla, ana nywele nyeusi. Huyo ni mtoto wa Kulwa. Alizaliwa akaitwa Nzala, jina la njaa, akaugua, na mganga akasema babu yake anataka jina. Tangu hapo akawa Mabula, na kwa kuwa alibeba jina la babu, shangazi na ndugu zake walimwamkia kama babu ingawa alikuwa binamu yao. Tulitaka kutumia njaa ya jina lake kupata mwaka wa kuzaliwa, tukaacha: njaa zilikuwa nyingi, na jina halisemi ni ipi.

Kuingiza haya yote katika kompyuta kulihitaji uangalifu kwa sababu programu nyingi humtarajia mtu awe na jina moja na jingine la utani. Muundo wa GEDCOM, ambao programu za nasaba hutumia kubadilishana mafaili, unaruhusu majina mengi kwa mtu mmoja. Katika toleo la 7 aina isiyo kwenye orodha huandikwa `OTHER` na kuelezwa kwa maneno:

```
0 @I4@ INDI
1 NAME Hamisi
2 TYPE OTHER
3 PHRASE Jina la jandoni
2 NOTE Kati ya 1914 na 1934
1 NAME Shija
2 TYPE BIRTH
2 NOTE Aliitwa hivi na dada yake Doto
1 NAME Mataruma
2 TYPE AKA
2 NOTE Reli, 1912-1914; kodi hadi 1937
```

Jina la kwanza ndilo programu huonyesha kwenye mti. Tuliweka Hamisi kwa sababu ndilo lililo kaburini na ndilo watoto wake wanalomjua nalo. Muundo huu hauna mahali pa kuweka tarehe chini ya jina, na ndiyo maana miaka imewekwa kwenye `NOTE`. Programu ya Gramps inakubali tarehe kwa kila jina, lakini ukitoa faili la kumpelekea mtu mwingine usitegemee kwamba tarehe hizo zitasafiri salama. Ziandike pia kwenye maelezo.

Watoto wa mtu wa namna hii wanahitaji jambo moja zaidi. Mihayo anaandikwa Mihayo Shija katika karatasi zake zote, na Ramadhani ni Ramadhani Hamisi. Mwalimu alitaka kumsahihisha Mihayo awe Mihayo Hamisi ili matawi yafanane. Usifanye hivyo. Jina la pili la Mihayo ni jina la baba kama lilivyotamkwa na kijana aliyekulia kwa wajomba, mwaka 1927, mbele ya padri. Ukilifuta, wajukuu wake hawatalipata tena daftari la ubatizo, na ule ushahidi wa pekee ulioandikwa kwamba Hamisi aliwahi kuwa Shija utakuwa umeondoka mikononi mwao.

Mti mpya una wana wawili wa kiume wa Mabula na Nyamizi, na binti mmoja kati yao. Tawi la Mihayo na tawi la Ramadhani sasa ni watoto wa baba mmoja na mama mmoja, na mgogoro wa shamba la mpunga uliokuwa nyuma ya ubishi ule wameupeleka kwa wazee wao wenyewe. Mabula mwenyewe bado ana jina moja tu. Linaweza kuwa la kuzaliwa, kwa kuwa ni la mvua, lakini linaweza pia kuwa la mzimu kama lilivyokuwa la mjukuu wake. Mwalimu ameandika swali hilo kwenye barua kwa tawi la Kulwa, akiuliza kama kuna mtoto yeyote kwao aliyewahi kupewa jina kwa ajili ya mzee huyo, na jina lenyewe halikuwa Mabula.